Barua ya kuomba eneo la biashara ndogo: anayeipokea anatafuta nini

Barua nyingi za kuomba eneo la biashara ndogo hubeba ombi moja linalofanana: mwombaji apatiwe sehemu yoyote itakayopatikana, ajitafutie riziki na kulea watoto. Ni maneno ya heshima na ya kweli. Lakini Afisa Biashara anayeyasoma hana la kuyafanyia. Hajui ni sehemu ipi inayoombwa, ina ukubwa gani, ni mali ya nani, wala ni kitu gani kitawekwa pale. Hawezi kukubali, na hana sababu ya kukataa. Barua inaingia kwenye faili, mwombaji anaambiwa apite wiki ijayo, na wiki ijayo hugeuka mwezi ujao.

Barua inayofanyiwa kazi ni ile inayomwonyesha afisa eneo hilo kabla hajanyanyuka kwenye kiti chake. Hilo linahitaji kazi ya siku mbili tatu kabla ya kushika kalamu, na kazi ya kwanza ni kujua unaomba nini hasa.

Nchini Tanzania kuna karatasi tatu ambazo wafanyabiashara wadogo huzichanganya. Ya kwanza ni kitambulisho. Desemba 2018, Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyouzwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kitambulisho kinamtambulisha mtu na biashara yake. Hakimkabidhi kipande cha ardhi. Wengi walilitambua hilo Oktoba 2021, machinga walipohamishwa kwenye barabara za Dar es Salaam na miji mingine: waliokuwa na vitambulisho mfukoni walihama sawa na wasiokuwa navyo.

Karatasi ya pili ni leseni ya biashara, inayotolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Hii inamhusu zaidi mwenye fremu au duka lenye anwani, na maombi yake siku hizi hupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, kwa kutumia namba ya NIDA na namba ya mlipakodi. Ya tatu ndiyo inayozungumzwa hapa: ruhusa ya kutumia eneo fulani, iwe meza kando ya njia ya mtaa au kizimba ndani ya soko la halmashauri. Mtu anayeandika "naomba leseni" wakati anataka sehemu ya kuweka meza atapelekwa dirisha lingine, na huko ataulizwa mkataba wa pango ambao hana.

Baada ya kujua unachoomba, linafuata swali gumu kuliko yote: ardhi hiyo iko chini ya nani?

Halmashauri haiwezi kumpa mtu eneo lisilo lake. Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazipa hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Mita 30 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi zinapita kituo cha daladala, mtaro na safu ya kwanza ya vibanda. Barabara za mitaa na wilaya ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Uwanja wa shule ni wa shule, na kiwanja kilichopimwa kina mwenyewe hata kama kina majani marefu na hakuna anayeonekana pale mwaka mzima.

Kwa hiyo mwombaji aliyeandika barua nzuri kwa Mkurugenzi wa Manispaa akiomba kuweka meza ukingoni mwa barabara kuu ameomba kitu ambacho Mkurugenzi hana. Kabla ya kuandika, inafaa apite kwa Mtendaji wa Mtaa na kumuuliza waziwazi: hapa ni hifadhi ya nani? Mtendaji asipokuwa na hakika, ofisi ya Mipango Miji ya halmashauri ina ramani.

Orodha ya sehemu za kuepuka si siri. Katika zoezi la mwaka 2021, viongozi wa Mkoa wa Dar es Salaam walizitaja hadharani: juu ya mitaro, kwenye hifadhi ya barabara, kwenye njia za waenda kwa miguu, mbele ya maduka, na kwenye maeneo ya taasisi za umma kama shule. Mwombaji anaweza kusimama pale anapopataka na kupitia sehemu hizo tano moja baada ya nyingine. Ikiwa eneo lake limeangukia mojawapo, atafute jingine kabla ya kupoteza nauli ya kwenda manispaa.

Tuchukue mfano wa mama anayetaka kuuza chai na chapati asubuhi karibu na soko la Tandika, Manispaa ya Temeke. Wateja wake ni wabeba mizigo, makondakta na wauza nyanya wanaofika kabla jua halijatoka. Ameona sehemu kwenye njia ya mtaa inayoingia sokoni, pembeni mwa ghala. Ukuta wa ghala upande huo hauna mlango wala dirisha, kwa hiyo hatakaa mbele ya duka la mtu.

Anakwenda pale na futi ya fundi. Njia ina upana wa mita 4 na nusu. Meza yake ina urefu wa mita 1 na nusu, na akiongeza jiko la mkaa na benchi la wateja, vyote vinaingia kwenye mita 2 kwa urefu na mita 1 na nusu kwa upana. Akikaa na kuegemea ukuta, inabaki njia ya mita 3, inayotosha mkokoteni kupita na watu kupishana. Mtaro uko upande wa pili wa njia, kwa hiyo hataufunika.

Kisha anarudi tena saa 3 asubuhi, na hapo anaona jambo ambalo alfajiri lisingeonekana: kuanzia saa hiyo malori huingia kushusha mizigo kwenye ghala na njia hujaa. Mpango wake wa kuuza hadi saa 5 unabadilika palepale. Ataomba kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 kasorobo, na kila siku ataondoa meza na jiko. Uamuzi huo unampunguzia saa mbili na robo za mauzo, lakini unaondoa sababu ambayo ingetosha kumfanya afisa aandike "haikubaliki".

Anazungumza na mwenye ghala, ambaye anaandika mistari mitatu kwamba hana pingamizi, na kuweka saini. Anakwenda kwa Mtendaji wa Mtaa na kupata barua ya utambulisho yenye muhuri, inayoeleza kwamba ni mkazi wa mtaa huo. Ikiwa kuna mchango wowote anaoombwa pale, anadai risiti. Kwa kuwa anauza chakula, anapima afya pia. Wanaoandaa na kuuza chakula hutakiwa kupimwa kila baada ya miezi sita, na Afisa Afya ataitaka karatasi hiyo hata kama Afisa Biashara hakuiulizia.

Sasa anaandika. Barua yake inaingia ukurasa mmoja:

S.L.P. ……,
Temeke, Dar es Salaam.
Simu: ……
3 Machi 2025

Mkurugenzi wa Manispaa,
Halmashauri ya Manispaa ya Temeke,
S.L.P. ……,
DAR ES SALAAM.

K.K. Afisa Mtendaji wa Kata,
Kata ya Tandika.

K.K. Afisa Mtendaji wa Mtaa,
Mtaa wa ……

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA ENEO LA KUUZIA CHAI NA CHAPATI, KATA YA TANDIKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa mtaa uliotajwa, nina umri wa miaka 34. Naomba ruhusa ya kutumia eneo la mita 2 kwa mita 1.5 kwenye njia ya mtaa inayoingia soko la Tandika, kando ya ukuta wa ghala, kama inavyoonekana kwenye mchoro niliouambatisha. Njia hiyo ina upana wa mita 4.5, na nitakapoweka meza itabaki mita 3 za kupita watu na mikokoteni. Eneo haliko juu ya mtaro wala mbele ya mlango wa duka.

Nitauza chai na chapati kuanzia saa 11:00 alfajiri hadi saa 2:45 asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Nitatumia meza moja, benchi moja na jiko moja la mkaa, na vyote nitaviondoa kila siku kabla ya malori kuanza kushusha mizigo. Sitajenga kibanda.

Nitakuwa na ndoo ya maji ya kunawa yenye koki, pipa la taka lenye mfuniko, na ndoo ya mchanga karibu na jiko. Maji machafu sitayamwaga njiani.

Endapo eneo hili halifai, naomba kuelekezwa eneo jingine ndani ya Kata ya Tandika au kizimba kilicho wazi sokoni.

Nimeambatisha barua ya utambulisho, nakala ya kitambulisho cha taifa, karatasi ya kupima afya, barua ya mwenye ghala na mchoro wa eneo.

Natanguliza shukrani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

(Saini na jina kamili)

Barua hii haina hadithi ya maisha. Haitaji idadi ya watoto, kodi ya nyumba, wala ndugu mgonjwa. Mambo hayo yanaweza kuwa ya kweli na mazito, lakini hayana nafasi katika uamuzi wa nani akae wapi, na yakijaa ukurasa mzima huficha vipimo ambavyo afisa anavitafuta. Mambo yanayoingia ni machache: mahali, ukubwa, nafasi inayobaki, muda, vifaa, usafi, na njia ya pili endapo ya kwanza itashindikana.

Hiyo njia ya pili ina kazi kubwa. Ofisi ikikataa ombi lenye eneo moja tu, shughuli imekwisha na mwombaji anaanza upya. Ikikataa ombi lililoomba pia eneo mbadala, bado kuna swali ambalo halijajibiwa, na faili haliwezi kufungwa. Halmashauri nyingi zina maeneo zilizoyatenga kwa ajili hiyo. Dodoma, kwa mfano, ilijenga soko la wazi la machinga lililoanza kutumika mwaka 2022, na wafanyabiashara wakapangiwa nafasi zao humo.

Mchoro nao hauhitaji mtaalamu. Ni karatasi moja yenye mstari wa njia, ukuta wa ghala, mtaro, lango la soko na kisanduku kidogo kinachoonyesha meza, kila kitu kikiandikiwa mita zake. Alama zinazohamishika, kama gari linaloegeshwa pale au mwavuli wa muuza vocha, hazifai kuwa kielelezo. Nguzo ya umeme, lango na kona ya ukuta zinafaa, kwa sababu afisa atazikuta palepale atakapofika.

Maneno "kupitia kwa" yaliyofupishwa K.K. si mapambo. Barua hupita kwanza kwa Mtendaji wa Mtaa, kisha kwa Mtendaji wa Kata, na kila mmoja huandika maoni yake juu ya barua hiyohiyo, anatia saini na kupiga muhuri. Barua iliyoruka ngazi hizo mara nyingi hurudishwa kata kuombewa maoni, na safari hiyo ya kurudi inaweza kuchukua muda mrefu kuliko uamuzi wenyewe. Mwombaji anapokabidhiwa barua na mtendaji, asome kilichoandikwa. "Napitisha kwa hatua zako" na "Namfahamu, eneo nimelikagua, halina pingamizi" ni maoni yenye uzito tofauti kabisa. Anaweza kumwomba mtendaji, kwa adabu, afike kuliona eneo kabla ya kuandika.

Barua ikishapita kata, inapelekwa masjala ya manispaa. Mwombaji aende na nakala mbili. Moja inabaki ofisini na nyingine inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, anarudi nayo nyumbani. Nakala hiyo ndiyo ushahidi wake pekee kwamba aliomba. Asiyekuwa nayo, akiambiwa barua haionekani, hana la kusema.

Kutoka masjala barua hufunguliwa faili au kuingizwa kwenye faili lililopo na kupelekwa kwa Mkurugenzi, ambaye huishushia kwa divisheni inayohusika na viwanda, biashara na uwekezaji. Hapo ndipo Afisa Biashara anapoishika. Kama ni chakula, Afisa Afya anahusishwa, na kama mipaka ya eneo ina utata, watu wa Mipango Miji wanaulizwa. Wakikubaliana, mmoja wao hufika kuangalia. Siku hiyo vipimo vya kwenye barua hupimwa kwa futi nyingine. Mwombaji aliyeandika mita 1 na nusu kisha akakutwa ametandaza vitu mita 3 amejibiwa kabla barua ya majibu haijachapwa.

Kufuatilia kuna namna yake. Mwombaji akiingia ofisini na kuuliza "barua yangu imefikia wapi?" atapewa jibu la jumla. Akiuliza kwa kutaja tarehe ya muhuri na kumbukumbu namba ya faili, karani anaweza kuangalia kwenye rejesta na kumwambia iko meza ya nani. Zikipita wiki kadhaa bila jibu, anaandika barua fupi ya kukumbushia, akiitaja ile ya kwanza kwa tarehe, na kuambatisha nakala yenye muhuri. Diwani wa kata pia anaweza kuulizia suala hilo. Hatoi kibali, lakini swali lake ofisini hupewa uzito.

Hatua ya malipo ndipo panapoingia matapeli. Kila halmashauri hupanga ushuru na ada zake kupitia sheria ndogo, kwa hiyo kiasi kinachotozwa Temeke hakilazimiki kufanana na cha Mwanza au Mbeya. Kitu kisichobadilika ni njia ya kulipa. Fedha ya serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, inayoanza na 99, kwa simu au benki, na inatoka risiti inayotaja halmashauri kuwa ndiyo mpokeaji. Mtu anayetoa namba yake binafsi ya simu ili atumiwe "ya kuharakisha" hajakusanya ushuru wa halmashauri, na pesa hiyo haitaonekana popote mwombaji atakapotakiwa kuthibitisha kwamba alilipa.

Jibu likiwa ni hapana, mwombaji ana haki ya kuomba sababu kwa maandishi, na sababu hiyo ndiyo inayomwelekeza cha kufanya. Ikiwa ofisi imesema eneo ni hifadhi ya barabara, kuandika tena kuomba sehemu ileile hakuna maana: ahamie kwenye ombi la eneo mbadala. Ikiwa imesema njia itazibwa, anaweza kupunguza ukubwa wa meza au kubadili saa na kurudisha ombi likiwa na mchoro mpya. Ikiwa sababu ni malalamiko ya jirani, kazi iko mtaani, kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, kabla ya kurudi manispaa.

Jibu likiwa ni ndiyo, barua ya ruhusa isomwe neno kwa neno, hasa mambo matatu. La kwanza ni jina. Ruhusa hupewa mtu aliyeomba, na kumpangisha mwingine kizimba au nafasi ya meza ni sababu ya kawaida ya kunyang'anywa. La pili ni muda: ruhusa huwa na mwisho, na ikishapita tarehe hiyo mwenye nayo hana tofauti na asiyewahi kuomba. La tatu ni sharti la kuondoka. Mara nyingi barua husema halmashauri inaweza kulitwaa eneo kwa matumizi mengine ya umma baada ya kutoa taarifa, na sharti hilo linamaanisha kwamba kujenga banda la bati na sakafu ya saruji pale ni kuweka mtaji mahali usipoweza kuudai.

Mama wa chai wa Tandika, akipata ruhusa yake, aitolee nakala tatu. Moja aikabidhi kwa Mtendaji wa Mtaa ili mgambo watakapopita kusiwe na ubishi, nyingine aiweke kwenye mfuko wa nailoni pale mezani pamoja na risiti ya mwisho ya ushuru, na ya tatu ibaki nyumbani na nakala ya barua ya maombi yenye muhuri wa kupokelewa. Mwezi mmoja kabla ya muda kwisha ataandika barua ya kuhuisha, na hiyo itakuwa fupi zaidi: itataja kumbukumbu namba ya ruhusa ya kwanza, itasema vipimo na saa havijabadilika, na itaambatisha risiti zote alizolipia.